Kikuza Nguvu Kinachofanya Kazi kwa Kuvizia

Usiku wa tarehe 2 Mei 1934, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alibonyeza kitufe akiwa Washington, na kituo cha redio cha WLW kikaanza rasmi kurusha matangazo kwa nguvu ya kilowati 500. Mtambo wenyewe ulikuwa mbali na hapo, katika mji mdogo wa Mason, jimbo la Ohio, ukirusha kwenye masafa ya kilohezi 700. Vituo vingine vikubwa vya nchi hiyo vilikuwa na ruhusa ya kilowati 50 tu. Hatua ya mwisho ya mtambo huo, ile inayousukuma umeme kwenda kwenye mnara, ilikuwa na valvu 12 kubwa zilizopozwa kwa maji. Ajabu ya valvu hizo ni kwamba kwa zaidi ya nusu ya muda wao wa kazi hazikuwa zikipitisha umeme hata chembe. Katika kila mzunguko wa wimbi zilifunguka kidogo, zikatema pigo moja la mkondo, zikafunga. Hata hivyo wimbi lililopanda mnarani lilikuwa kamili, limeviringika vizuri juu na chini, bila pengo.

Mafundi huuita utaratibu huu daraja C. Ukiusikia kwa mara ya kwanza unajiuliza maswali mawili: kwa nini mtu aizime valvu aliyoinunua kwa bei kubwa, na wimbi lililokatwa vipande linaungwaje tena? Maelezo mengi huyajibu maswali haya mbalimbali, kana kwamba kukata wimbi ni ubahili na kuliunga ni usafi unaofanywa baadaye. Mimi naona jibu ni moja. Kile kinacholiunga wimbi ndicho hichohicho kinachofanya kulikata kuwe na faida.

Tuanze na joto, maana ndilo adui. Kikuza nguvu hakizalishi nguvu. Kinachukua umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai na kuugeuza uwe wimbi linalofuata ishara ndogo iliyoingia. Kile kisichogeuka wimbi kinabaki ndani ya valvu au transista na kuwa joto. Kiasi cha joto hilo ni rahisi kukijua: chukua volti zilizopo kati ya ncha mbili za valvu kwa wakati fulani, zidisha kwa mkondo unaopita humo wakati huohuo. Kukiwa na volti nyingi na mkondo mwingi kwa pamoja, valvu inaungua. Kimojawapo kikiwa sifuri, hakuna joto, hata kama kingine ni kikubwa namna gani.

Daraja A, linalopendwa na wapenda muziki, linauacha mkondo upite wakati wote. Wimbi linatoka safi, lakini volti na mkondo vinakuwapo pamoja kila sekunde, na kwa hesabu ya juu kabisa nusu tu ya umeme uliochukuliwa ndiyo inayotoka kama wimbi. Ishara ikinyamaza, nguvu yote inakuwa joto. Daraja B linafunga valvu kwa nusu ya mzunguko, na kikomo chake cha nadharia kinapanda hadi asilimia 78.5. Daraja C linakwenda mbele zaidi. Gridi ya valvu, au besi ya transista, inawekewa bayasi, yaani volti ya kudumu ya kuizuia, iliyo kali kiasi kwamba ishara ndogo haifungui chochote. Ni kilele tu cha ishara kinachovuka kizuizi hicho, na mkondo unapita kwa muda mfupi kilele kinapokuwa juu. Mzunguko mzima wa wimbi tukiuhesabu kuwa nyuzi 360, valvu ya daraja C kwa kawaida hupitisha mkondo kwa nyuzi 120 hivi, yaani theluthi moja, na theluthi mbili zilizobaki imefunga.

Lakini kufunga peke yake hakuleti ufanisi. Ukiichukua valvu hiyohiyo ukaifunga kwenye rezista ya kawaida, utapata mapigo yaliyokatika na joto jingi. Kinachohitajika ni kwamba ule muda mfupi wa kufunguka ukutane na wakati ambapo volti kwenye valvu zimeshuka karibu na sifuri. Valvu ivizie. Na wa kuzishusha hizo volti kwa wakati wake ni saketi iliyo mbele ya valvu, ambayo mafundi huiita tanki: koili moja na kapasita moja zilizofungwa sambamba.

Koili hutunza nishati katika sumaku, kapasita huitunza katika chaji. Ukiziunganisha na kuzipa msukumo mmoja, nishati huhama kutoka kapasita kwenda koili na kurudi, mara kwa mara, kwa mwendo wake wenyewe unaotegemea ukubwa wa vitu hivyo viwili. Hali ya msukumo kuja kwa mwendo uleule ambao saketi inaupenda ndiyo inaitwa resonansi. Mtoto kwenye bembea anaionyesha vizuri: anayemsukuma humgusa mara moja tu kila anaporudi, kwa muda mfupi, kisha anakaa mikono mitupu, na bembea inaendelea kupanda na kushuka kwa ulaini uleule, bila kuonyesha kwamba ilisukumwa kwa vipande. Umbo la mwendo linatokana na bembea, si mkono.

Ndivyo tanki linavyolirudisha wimbi. Valvu inatema pigo, tanki linalipokea na kuendelea kuyumba lenyewe kwa theluthi mbili za mzunguko ambazo valvu imefunga. Volti zinapanda, zinapita kilele, zinashuka, zinakwenda upande wa pili na kurudi, zikichora wimbi laini ambalo hesabu huliita wimbi la saini. Na hapa ndipo penyewe: wimbi hilo la tanki ndilo linalopandisha na kushusha volti za valvu. Linapofika chini kabisa, valvu inabakiwa na volti chache, na wakati huohuo ishara ya kuingilia inafika kileleni na valvu inafunguka. Mkondo mkubwa unapita kwenye volti ndogo. Tanki linapoyumba upande wa pili, valvu inabeba volti karibu mara mbili ya zile za pawasaplai, lakini imefunga, kwa hiyo hakuna kinachoungua.

Tuweke tarakimu. Chukua valvu moja ya saizi ya kati, yenye uwezo wa kuvumilia joto la wati 100 kwenye anodi yake, sahani ya chuma inayopokea mkondo. Ipe volti 2000, na iache ivute miliampea 200 kwa wastani. Pawasaplai inatoa wati 400. Valvu inafunguka kwa nyuzi 120 kila mzunguko, na kilele cha kila pigo la mkondo kinakaribia ampea 0.92, mara nne na nusu ya wastani. Tanki tumelipanga liyumbe volti 1800 juu na 1800 chini. Kwa hiyo wakati wa pigo kubwa kabisa valvu ina volti 200 tu, na upande wa pili wa mzunguko ina volti 3800 huku haipitishi kitu. Ukilichambua pigo hilo kwa hesabu, sehemu yake inayolingana na masafa yetu ina kilele cha ampea 0.36 hivi, na nguvu inayoingia tankini inakuwa wati 323. Zilizobaki kwenye valvu ni wati 77. Ufanisi ni asilimia 81, na anodi haijafikia kikomo chake.

Valvu hiyohiyo ukiitumia katika daraja A, wati zake 100 za joto zinakufunga. Kwa kuwa kwa hali bora kabisa nusu ya umeme ndiyo inayotoka, hupati zaidi ya wati 100. Kutoka wati 100 hadi 323 kwa kifaa kilekile, kwa kubadilisha tu bayasi na kulitegemea tanki: ndiyo sababu wahandisi wa mitambo mikubwa hawakuwa na haja ya kubembelezwa.

Mtu atauliza, kama theluthi moja ni nzuri, mbona tusipunguze hadi sudusi? Ufanisi ungepanda kweli. Pigo likibanwa hadi nyuzi 60, kikomo cha nadharia kinatoka asilimia 90 hadi 97. Lakini ili wastani ubaki miliampea 200, kilele cha pigo kingelazimika kufika ampea 1.8, mara mbili ya kile cha mwanzo. Kathodi ya valvu, inayotoa elektroni, ina kikomo chake, na ishara ya kuifungua gridi ingehitaji kuwa kubwa zaidi kwa sababu bayasi nayo imekuwa kali zaidi. Unaokoa wati chache mwishoni na kuzilipa katika hatua inayotangulia. Ukiendelea kubana, ufanisi unakaribia asilimia 100 na nguvu inayotoka inakaribia sifuri. Ndiyo maana watu husimama kwenye nyuzi 120 hadi 150.

Turudi kwenye tanki la mfano wetu, kwa sababu nalo lina masharti. Tuseme tunarusha kwenye megahezi 7. Ili valvu ione mzigo unaoifaa, wa omu 5000 hivi, na tanki litunze nishati ya kutosha, tunahitaji koili ya maikrohenri 9.5 na kapasita ya pikofaradi 55. Kipimo cha utunzaji huo mafundi hukiita Q, na hapa tumekiweka 12. Maana yake kwa vitendo ni hii: kama pigo moja lingekosekana, wimbi linalofuata lingeshuka hadi robo tatu ya kimo chake, kwa sababu antena inanyonya nishati muda wote. Mapigo yakija kwa wakati, upungufu huo unajazwa kila mzunguko na wimbi linabaki na kimo kimoja.

Q hiyo ya 12 ina jambo jingine linalowashangaza wanafunzi. Ndani ya tanki, kati ya koili na kapasita, unazunguka mkondo mara 12 ya ule unaoingia, zaidi ya ampea 4 kileleni, ilhali mita ya pawasaplai inasoma miliampea 200. Ndiyo maana koili za mitambo ya namna hii hutengenezwa kwa waya mnene au bomba la shaba, wakati mwingine lililopakwa fedha. Mkondo huo unaozunguka hula kidogo kila unapopita. Koili nzuri itapoteza kama asilimia 6 ya nguvu, kwa hiyo kati ya wati 323 zetu, 304 hivi ndizo zinazofika kwenye antena na 19 zinaipasha moto koili.

Kama koili inakula, mbona tusiweke Q ndogo? Kwa sababu ya usafi wa wimbi. Mfululizo wa mapigo makali si wimbi moja. Kihesabu ni rundo la mawimbi ya saini, la kwanza kwenye megahezi 7, la pili 14, la tatu 21, na kuendelea. Haya ya juu huitwa hamoniki. Katika pigo la nyuzi 120, hamoniki ya pili ina mkondo wa asilimia 70 ya wimbi lenyewe, si kitu cha kupuuzwa. Tanki linalotoa omu 5000 kwa megahezi 7 linatoa kama omu 280 tu kwa megahezi 14, yaani linakuwa karibu njia ya mkato, na mkondo wa hamoniki unapita bila kujenga volti. Kinachosalia ni volti za hamoniki ya pili zenye ukubwa wa asilimia 4 za wimbi kuu. Ukiangalia kwenye osiloskopu utasema wimbi ni zuri kabisa. Mwenye redio jirani anayesikiliza megahezi 14 hatakubaliana nawe. Kwa hiyo baada ya tanki huwekwa kichujio kingine kinachozuia masafa ya juu. Tanki hulirudishia wimbi umbo, lakini kibali cha kurusha hewani hukipati kwa tanki peke yake.

Fundi anayeuwasha mtambo kama huu haoni mapigo wala mawimbi. Ana mita ya mkondo wa anodi na kitasa cha kapasita. Anaanza na nguvu ndogo, anazungusha kitasa taratibu huku akiikodolea macho mita. Mbali na resonansi, mkondo ni mkubwa. Akilikaribia, sindano inaanguka ghafla, na akipita tu inapanda tena. Pale chini kabisa ndipo anapopaacha. Sababu tumeshaipata: tanki likiyumba kikamilifu, volti za valvu zinashuka sana wakati inapofunguka, na valvu yenye volti chache haivuti mkondo mwingi. Kisha anaongeza muungano na antena, sindano inapanda, anarekebisha kitasa hadi ianguke tena, na kurudia mpaka mkondo ufikie kile kilichoandikwa kwenye jedwali la valvu. Kama akiongeza muungano sindano haianguki tena kabisa, amepita kiasi, na antena inanyonya kuliko valvu inavyoweza kutoa.

Kosa kwenye kazi hii linaonekana kwa macho. Tanki likiachwa nje ya resonansi, valvu inafunguka huku volti bado ziko juu. Zile wati 77 zinakuwa 200 au zaidi, na anodi inaanza kung'aa nyekundu ndani ya kioo. Anayeiona rangi hiyo ana sekunde chache. Kosa la pili linakuja kimyakimya. Saketi nyingi za daraja C hujitengenezea bayasi zenyewe: kilele cha ishara kinapoifikia gridi, gridi inavuta mkondo mdogo, na mkondo huo ukipita kwenye rezista unaleta volti ya kuizuia valvu. Mpango huo ni mzuri na wa bei rahisi, ila ishara ya kuingilia ikikatika, bayasi inakatika nayo, valvu inafunguka wazi na kuvuta mkondo usio na mipaka. Waliowahi kuunguza valvu kwa njia hii huongeza bayasi ya kudumu kutoka pawasaplai ndogo, ili hata ishara ikifa valvu ibaki imefunga.

Daraja C lina kasoro moja ambayo hakuna tanki la kuiponya. Tanki linarekebisha umbo la kila mzunguko, lakini halijui kimo cha ishara iliyoingia. Ishara ndogo isiyovuka bayasi haitoi chochote, ikivuka kidogo inatoa kidogo mno, ikizidi inagota. Kwa hiyo sauti iliyobebwa katika kimo cha wimbi, ukiipitisha kwenye gridi ya daraja C, inatoka imechanwachanwa. Kwa FM hilo si tatizo, maana sauti iko katika kubadilika kwa masafa na kimo hakibadiliki. Redio za VHF za vyombo vya baharini, zinazosikiliza chaneli 16 kwenye megahezi 156.8 kuanzia Mombasa hadi Mtwara, zinatumia mtindo huo wa FM, na hatua zao za mwisho zinaweza kukatwa daraja C bila mzungumzaji wa upande wa pili kugundua chochote.

WLW ilikuwa ya AM, ambayo sauti yake imo katika kimo. Ilitumia njia ya kuzunguka. Ishara ya masafa iliingia kwenye gridi ikiwa na kimo kisichobadilika, na sauti ikaingizwa kupitia volti za anodi zenyewe. Kwa kuwa tanki la daraja C huyumba karibu na upeo wa volti linazopewa, volti zikipanda na kushuka kwa mfuata-sauti, wimbi nalo linapanda na kushuka vilevile. Gharama yake ni kwamba sauti lazima ikuzwe hadi iwe na nguvu nusu ya ile inayolishwa hatua ya mwisho. Ndiyo maana pamoja na valvu 12 za kurushia, Mason palikuwa na valvu nyingine 8 za aina ileile kwa ajili ya sauti peke yake, zikifanya kazi daraja B. Bado ilikuwa nafuu. Njia iliyokuwapo kabla, ya kuingiza sauti mapema kisha kuikuza kwa hatua ya mwisho isiyokata, ilikuwa na ufanisi wa asilimia 33 hivi wakati mtangazaji amenyamaza. Kwa kilowati 500 hiyo ni kilowati 1000 za joto za kuondolewa kwa maji usiku na mchana.

Mitambo mipya ya AM imeliacha daraja C. Transista zake hufunguka na kufunga kabisa kama swichi, na ufanisi wake umepita kile ambacho valvu ingeweza kutoa, ingawa tanki na vichujio vimebaki palepale mwishoni. Daraja C limebaki kwenye redio za mkononi za FM, kwenye baadhi ya mashine za viwandani zinazounganisha plastiki kwa joto la masafa ya megahezi 27.12, na kwenye bodi za bei nafuu za kurushia FM zinazouzwa mtandaoni. Hizo za mwisho ndizo za kuangaliwa. Nyingi hutangazwa kwa wati zake tu, bila neno juu ya kichujio. Bodi ya namna hiyo ikirusha kwenye megahezi 98, hamoniki yake ya pili iko kwenye 196, katikati ya masafa ya televisheni ya VHF. Ukinunua moja kwa ajili ya kituo cha jamii au cha shule, ifunge kwanza kwenye mzigo bandia, mwite fundi mwenye kipima-spektra akuonyeshe kilichoko kwenye 196 na 294, na usiipandishe mnarani kabla hajaridhika.